Mwaka huu anzieni koridoni

Swali: Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni yenye vyumba 8. Kila msimu wa sikukuu tunapamba, na mlangoni panapendeza kweli. Ila mgeni akishaingia, korido inakuwa kama ya nyumba nyingine, na sehemu ya chakula nayo ina mambo yake. Mwaka jana mama mmoja aliniuliza kama mapambo yalituishia njiani. Korido yetu ni nyembamba, upana wake sentimita 130. Inakwenda mita 7, inakata kona, halafu inaendelea mita 4 na nusu. Kuta ni za krimu na vitasa vya milango ni vya rangi ya shaba. Sehemu ya chakula ina meza 6 za watu wanne wanne. Tufanyeje ili pote pashikane, pakaribishe, na wageni wasijikwae na mabegi yao?

Jibu: Dada yangu, huyo mama aliwasaidia, maana alisema ukweli ambao wageni wengi huumeza. Na sababu yake ni kwamba mlianzia mlangoni. Mlango una nafasi na una mwanga wa mchana, kwa hiyo unabeba chochote mtakachouwekea: nyekundu iliyokolea, majani mazito, taa za kila namna. Korido haina nafasi wala mwanga. Kile kilichopendeza mlangoni kikifika huko kinaonekana cheusi, au kinakwaruza mabegi, au hakina pa kukaa kabisa. Hapo ndipo watu wanapotafuta kitu kingine cha kujazia, na nyumba inaanza kusema lugha mbili.

Geuzeni utaratibu. Chagueni kwanza kile ambacho korido yenu inaweza kukibeba, kisha mkiongeze mlangoni na kukipunguza mezani. Kitu chochote kinachoishi vizuri koridoni kitaishi vizuri kwingine pote. Na kisiwe vitu kumi. Mimi huwa nashikilia vitatu tu: aina moja ya majani, rangi moja ya utepe, na mwanga wa aina moja. Vitatu hivyo vikirudi kila mahali ambapo mgeni husimama au hutazama, ataiona nyumba moja hata kama mapambo yenyewe ni machache.

Nianze na mwanga, kwa sababu ndio unaoharibu kazi za watu bila wao kujua. Kabla ya kununua hata utepe, zungukeni nyumba usiku mkitazama balbu zenu. Kwenye boksi la balbu kuna namba inayoishia na herufi K. Balbu ya 2700K inatoa mwanga wa manjano uliotulia, kama ule wa balbu za zamani za waya. Ya 4000K ni nyeupe ya ofisini. Ya 6500K ni nyeupe inayoelekea bluu. Katika gesti nyingi ninazoitwa, nje pana 6500K kwa ajili ya ulinzi, sehemu ya chakula ina 2700K, na korido ina mchanganyiko, kwa kuwa kila balbu iliyoungua ilibadilishwa kwa ile iliyopatikana siku hiyo. Mapambo yaleyale yakipita chini ya taa hizo yanaonekana seti tatu tofauti: majani yanakuwa ya kijani kibichi hapa, ya kijivu pale, ya kahawia kule. Mtu anasema mapambo hayaendani, kumbe ni balbu.

Kwa kuta za krimu na vitasa vya shaba, 2700K ndiyo yenu. Badilisheni balbu za mapokezi, korido na sehemu ya chakula zote ziwe hivyo, na zitoke kwa mtengenezaji mmoja, kwa sababu hata zenye namba moja hutofautiana kidogo kutoka kampuni hadi kampuni. Taa za mapambo nazo ziwe za manjano tulivu. Kuna jaribio rahisi: washeni taa mbili au tatu kando kwa kando juu ya karatasi nyeupe, kisha zipigeni picha kwa simu katika picha moja. Jicho huzoea upesi na kusamehe, lakini kwenye picha hiyo mtaona mara moja ipi ni ya bluu na ipi ni ya manjano.

Jambo jingine dogo kuhusu hizo taa za mapambo. Nyingi zina kitufe cha kubadilisha namna ya kuwaka, na zile za bei nafuu zikikatiwa umeme husahau mlichochagua na kurudi kwenye kumetameta. Mkiziunganisha na soketi ya saa inayojizima usiku, basi kila jioni zitaamka zikipepesa. Jaribuni dukani: washeni, ziwekeni ziwake bila kupepesa, chomoeni, chomekeni tena. Zikikumbuka, nunueni. Taa inayopepesa karibu na vyumba vya kulala huingia kwa chini ya mlango, na mgeni aliyekosa usingizi hatawaambia ni kwa nini.

Sasa rangi. Nyekundu iliyokolea, zambarau na bluu nzito hupotea kwenye mwanga hafifu. Si kosa la kitambaa, ni macho yetu: mwanga ukipungua, nyekundu ndiyo ya kwanza kugeuka nyeusi. Nimeona korido iliyofungwa tepe za rangi ya damu ya mzee, nzuri sana mezani mwa fundi, na usiku zilionekana kama matambaa meusi yaliyosahaulika ukutani. Kwa hiyo kateni vipande vya sentimita 30 vya rangi tatu mnazozipenda, vibandikeni kwenye ukuta wa mbele wa korido, pale inapokata kona, na saa mbili usiku mwiteni mtu ambaye hajaviona mchana. Asimame mita 4 kutoka ukutani, awatajie rangi anazoziona. Ile anayoitaja kwa jina lake bila kusita ndiyo ya kununua. Nikikisia kwa kuta zenu, nyekundu yenye uchungwa ndani yake, kama ya tofali jipya, itashinda nyekundu ya divai. Palipo na kitu cha kung'aa, kifuateni kitasa: shaba na dhahabu, wala si fedha.

Tukiwa tumeshikilia majani, utepe na mwanga, tuingie koridoni penyewe.

Sentimita 130 si nyingi. Mtu mmoja anayeburuta begi la magurudumu huchukua sentimita 80 hadi 90. Zinazobaki zinatosha mwenzake kujibana apite, basi. Kwa hiyo sakafuni pasikae kitu chochote: si chungu cha maua, si kigoda, si fanusi, hata kama kina urembo wa namna gani. Ukutani nako wekeni mipaka. Chini ya sentimita 150 kutoka sakafuni ni eneo la mabega, viwiko, mabegi na mikono ya watoto. Juu ya sentimita 200 hakuna anayetazama akiwa anatembea, na huko ndiko viliko vibao vya njia ya kutokea na vihisi moshi, ambavyo havifunikwi kwa lolote. Mapambo yenu yakae kati ya 150 na 200, na yasitokeze ukutani zaidi ya sentimita 10. Mkanda huo wa nusu mita ndio korido yenu yote.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kamba ndefu ya majani inayotandazwa ukuta mzima. Fanyeni hesabu: korido yenu ina urefu wa mita 11 na nusu, kwa hiyo kuta mbili ni karibu mita 23 za majani, bila kutoa milango. Yatagharimu kuliko kila kitu kingine, yataifanya korido ionekane nyembamba zaidi, na baada ya wiki moja yatakuwa yameng'ang'aniwa na zipu za mabegi. Mgeni wala hatayaona, kwa sababu mtu akitembea koridoni hatazami kuta za pembeni. Anatazama mbele.

Na mbele yake, kwa mita 7 zote, kuna ukuta wa kona. Huo ndio ukuta wenye thamani kuliko wote ndani ya nyumba yenu, na naamini mwaka jana ulikuwa mtupu, au ulikuwa na kizima moto na ratiba ya usafi. Kizima moto kibaki mahali pake na kionekane. Ratiba ihamie stoo. Hapo tundikeni taji moja la majani lenye kipenyo cha sentimita 60, katikati yake ikiwa kwenye urefu wa sentimita 155 hivi kutoka sakafuni, likiwa na utepe wenu. Ukingo wake wa chini utashuka chini ya mkanda niliousema, lakini ukuta huo hakuna anayepita ubavuni mwake, na begi lenyewe haliufikii. Ikiwa taa ya dari iliyo karibu iko nyuma ya mgeni badala ya kuwa juu ya taji, wekeni ndani ya taji kamba ya taa ndogo za betri ya mita 2, yenye saa yake ya kuwaka masaa 6 na kuzima masaa 18. Hakuna waya, hakuna soketi, na haina joto la kutisha majani.

Mwisho wa kipande cha pili, kile cha mita 4 na nusu, wekeni taji dogo zaidi la sentimita 40. Lisiwe kubwa kama la kona, kwa sababu hapo mgeni yuko karibu nalo na kitu kikubwa kitamfanya ahisi ukuta unamjia.

Mbali na mataji hayo mawili mna milango 8, na milango ndiyo mapambo ya pembeni mliyopewa bure. Kila mlango upate kitawi kimoja cha majani cha sentimita 20 hivi na fundo la utepe, vyote vikiwa sawa kabisa. Hapa usawa ni kazi ya kweli. Mtu akisimama mwanzoni mwa korido anaona vitawi vimepangana mstari mmoja kuelekea mbali, na kimoja kikishuka kwa sentimita 3 jicho linakikamata kabla ya kuona uzuri wa vingine. Msipime kutoka sakafuni, kwa sababu vizingiti hudanganya. Kateni ufito wa urefu mnaoutaka, uwekeni kutoka ukingo wa juu wa fremu kushuka chini, na mweke alama kwa ufito huohuo kwenye milango yote. Kitawi kikae juu ya namba ya chumba, kisiiguse. Ncha za utepe zisizidi sentimita 10 ili zisibanwe na mlango.

Msikifunge kwenye kitasa. Mgeni akirudi usiku ataona kitu kwenye kitasa na kufikiri ni kile kibao cha kuomba asisumbuliwe, na mhudumu wa usafi atafikiri hivyohivyo. Kengele pia zisiwepo. Najua zinapendwa, na nyumbani kwa mtu zinafurahisha, lakini gesti ina mtu anayeondoka saa kumi alfajiri na mwingine aliyelala saa tisa.

Rudini sasa mlangoni. Kwanza niulize: mlango wenu unafunguka kwa ndani na kukaa wazi kutwa? Katika nyumba nyingi za wageni ndivyo ilivyo. Basi taji zuri lililotundikwa kwenye ubao wa mlango limegeuziwa ukuta kuanzia asubuhi hadi jioni, na hakuna anayeliona isipokuwa mlinzi. Lihamisheni. Likae ukutani pembeni mwa mlango, upande mgeni anakotokea, au ndani kwenye ukuta wa kwanza anaouona akivuka kizingiti. Mimi ningechagua huo wa ndani, nyuma au pembeni ya meza ya mapokezi, kwa sababu unafunga uzi: mgeni anaona taji la sentimita 60 akiingia, anageuka na kuona ndugu yake mwishoni mwa korido. Hata kama hakuliwazia, mwili wake unajua bado yuko nyumba ileile.

Kwa nje, kwenye fremu, ndipo kamba ya majani inapostahili. Mlango wa kawaida wa sentimita 90 kwa 210 unahitaji 210 mara mbili jumlisha 90, yaani sentimita 510. Lakini kamba ya majani ikipindwa kwenye pembe na kulegezwa kidogo hufupika, hivyo tafuteni mita 6. Vipande viwili vya mita 3 ni bora kuliko kimoja, kwa sababu kiungo kinakaa juu katikati na fundo la utepe linakificha. Ifungeni upande wa nje wa fremu, isiingie kwenye uwazi. Upana wa mlango ubaki uleule, begi lipite bila kugusa jani.

Taa za hapo nje ziwe na alama ya IP44 au zaidi kwenye boksi, maana yake zimehimili maji yanayorushwa. Zenye IP20 ni za ndani tu. Alama hiyo mara nyingi inahusu taa zenyewe, si adapta yake, kwa hiyo adapta ikae ndani pakavu. Waya usipite chini ya mkeka wa mlangoni wala usibanwe na dirisha, maana ganda lake hukwaruzika mahali ambapo hakuna anayepatazama. Mkitumia ekstensheni ya kuviringa, ikunjueni yote, kwa kuwa ikibaki imeviringwa na ikabeba mzigo mkubwa hupata joto.

Meza ya mapokezi nisiikawize. Bakuli moja pembeni, si katikati, ili mgeni na mhudumu waonane na kuandikiana bila kuzungukana. Kama mnapenda harufu nzuri, hapa ndipo mahali pake pekee. Koridoni itakwama na kuwa nzito, na kwenye chakula itapigana na chakula.

Sehemu ya chakula inadanganya kwa njia yake: inaonekana ina nafasi kubwa, kumbe nafasi halisi ni ya meza. Tuseme meza zenu za watu wanne zina sentimita 80 kila upande. Sahani ya sentimita 27 ikikaa sentimita 2 kutoka ukingoni, pande mbili zinazotazamana zinakula sentimita 58. Katikati zimebaki 22, na humo bado vinakuja glasi, chumvi na vikombe. Kwa hiyo pambo la meza lisizidi upana wa sentimita 12 hadi 15. Urefu nao una sababu yake. Macho ya mtu aliyekaa huwa kama sentimita 40 juu ya uso wa meza. Pambo la sentimita 35 linakaa usoni mwa wanaozungumza, na mtaona wageni wenyewe wanalisogeza pembeni au kuliweka kwenye meza ya jirani. Likisogezwa hivyo mara mbili asubuhi moja, ni refu mno. Likae chini ya sentimita 25.

Kwa meza zenu ningetumia kichupa kifupi au kopo dogo lililosimama kwenye sahani ndogo, lenye kitawi kilekile cha milangoni na fundo dogo la utepe uleule. Sahani ile ndogo ina kazi: mhudumu anainua kila kitu kwa mkono mmoja, anafuta meza, anarudisha. Pambo lisiloinuliwa kwa mkono mmoja halifutiwi chini yake. Vumbi la kumetameta lisikanyage humu ndani kabisa. Linapukutika, linashika kitambaa, linaingia kwenye chakula, na mwaka unaofuata bado mnalikuta kwenye mianya ya viti. Matunda madogo halisi ya kwenye matawi nayo hapana, kwa sababu yanadondoka, watoto wanayaokota, na mengine yana sumu.

Vitambaa vya meza vya msimu siwashauri. Meza 6 zinahitaji angalau vitambaa 12 ili vingine viwe kwenye maji, na doa moja la kwanza linavunja seti. Kitambaa chenu cha siku zote, ikiwa ni cheupe au krimu, kinatosha. Kisha ukuta mmoja wa chumba hicho, ule unaotazamana na mlango wa kuingilia, upate taji la tatu la sentimita 60. Kuta nyingine ziacheni. Kwenye meza ya kujihudumia pasiwe na majani wala utepe karibu na vyombo vya moto.

Natoa hesabu ya utepe, kwa sababu hapo ndipo seti nyingi huharibika. Mataji manne kwa mita 1 na nusu kila moja ni mita 6. Vitawi 8 vya milango na 2 vya akiba, kila kimoja sentimita 60, ni mita 6 nyingine. Meza 6 na akiba 2 kwa sentimita 40 ni mita 3 na kidogo. Fremu ya mlango mpeni mita 3. Jumla ni kama mita 18, kwa hiyo nunueni 20 kwa mara moja, kutoka robota moja. Mkirudi kuongeza wiki mbili baadaye, rangi ileile ya robota jingine inaweza isilingane, na tofauti hiyo itaonekana hasa pale milango inapopangana.

Kuhusu majani, msiumie kichwa kwamba yote lazima yawe mabichi. Koridoni na kwenye mataji tumieni ya bandia yaliyotengenezwa vizuri, ya umbo moja na yale mabichi mtakayoweka fremuni na mezani, mahali ambapo mkono na pua vinafika karibu. Mabichi yakatwe shina kwa mshazari na kulazwa kwenye ndoo ya maji usiku kucha kabla ya kutundikwa. Kila baada ya siku tatu vunjeni jani moja. Likipinda bado lina maji. Likivunjika kwa mlio, majani yote hayo yaondoke siku hiyohiyo, kwa sababu jani kavu hushika moto kwa haraka sana. Na kwa sababu hiyohiyo mishumaa ya moto isiwepo koridoni wala karibu na majani popote. Ya betri inatosha.

Utundikaji una mtego mmoja ambao mimi mwenyewe nilinaswa nao. Nilibandika kulabu za gundi 16 kwenye ukuta uliokuwa umepakwa rangi siku tatu tu kabla. Zilishika vizuri msimu mzima. Siku ya kuondoa, kila moja ilitoka na kipande cha rangi cha ukubwa wa sarafu, na nikalipia ukuta mzima kupakwa upya. Rangi mpya isubiri angalau wiki moja. Kwenye chokaa au plasta yenye kukwaruza kulabu hizi hazifai hata kidogo. Panapofaa, futeni ukuta kwa spiriti, siyo kwa sabuni, maana sabuni huacha utando. Bandikeni, bonyezeni kwa sekunde 30, na msubiri saa nzima kabla ya kutundika kitu. Wakati wa kuondoa, vuteni ulimi wa gundi taratibu kushuka chini sambamba na ukuta. Mkiuvuta kuja kwenu, unakuja na rangi. Bandikeni moja kwanza nyuma ya mlango wa stoo, ibebe taji usiku kucha, kisha muiondoe mkaone. Mtajua kabla ya kuharibu mahali panapoonekana.

Siku ya kupamba, anzeni na ukuta wa kona, kisha vitawi vya milango, kisha ukuta wa mapokezi, kisha sehemu ya chakula, na fremu ya nje iwe ya mwisho. Mkifanya hivyo, kama kuna kitu kitapungua kitapungua nje, ambako kamba ya majani ya mita 6 ikiwa na fundo moja badala ya matatu bado itapendeza.

Mkimaliza, usiku, mume wako achukue begi kubwa la magurudumu ajifanye mgeni. Atoke nje, aingie, ajiandikishe, aende hadi chumba cha mwisho, kisha aende kula. Wewe mfuate kwa nyuma ukiwa kimya, na utazame mambo mawili tu: begi liligusa wapi, na alisimama wapi kutazama. Lilipogusa, toeni kitu. Asiposimama popote kuanzia mapokezi hadi kona, basi taji la kona liko gizani. Sogezeni mwanga kabla ya kuongeza jani lolote.